Karatasi ya jikoni: barua na orodha ya wiki ya kwanza kwa dada wa kazi

Nyumba nyingi ninazozijua hapa Dar es Salaam humpokea dada wa kazi kwa mtindo mmoja. Anashuka basi Mbezi jioni, kachoka, kavimba miguu. Anafikishwa nyumbani, anakula, anaonyeshwa pa kulala. Asubuhi mama mwenye nyumba anachelewa kazini, kwa hiyo anamzungusha nyumba nzima kwa dakika kumi huku anatafuta funguo za gari: masufuria haya hapa, unga ule kule, mtoto anakunywa uji saa nne, choo usafishe vizuri, umeme ukikatika utanipigia. Geti linafungwa. Aliyebaki ndani ana nyumba asiyoijua, mtoto asiyemjua, jiko la gesi ambalo huenda kwao hawatumii, na simu isiyo na vocha ya kumpigia huyo mama.

Mwezi ukiisha unasikia, "Huyu haelewi, nitafutie mwingine."

Mimi ninatumia karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya kumkaribisha, ukurasa mmoja tu. Ya pili ni orodha ya mambo ya kumwonyesha, iliyogawanywa kwa siku, na hiyo hukaa ukutani jikoni mpaka mafuta ya kukaangia yaichafue. Wenzangu kazini wameniomba nakala mara nyingi, na kila nikiwatumia ninalazimika kueleza kwa nini sentensi fulani iko pale na nyingine haipo. Basi leo nimeamua kuandika yote mahali pamoja.

Barua ndiyo hii. Nyumba yetu ina bibi, mama mzazi wa mume wangu, anayeshinda nyumbani, kwa hiyo zile saa za mapumziko zimepangwa kwa kumtegemea yeye. Kwako zitakuwa tofauti.

*Karibu sana, dada.*

*Pole na safari. Leo huna kazi. Oga, kula, lala.*

*Nyumba hii ina watu watano: bibi, baba, mama na watoto wawili. Mtoto mkubwa ana miaka saba, anasoma. Mdogo ana miaka miwili, anashinda nyumbani.*

*Tuambie unapenda tukuite nani. Tutakuita hivyo.*

*Chumba chako ni cha mwisho kulia. Ufunguo ni wako. Mtu akitaka kuingia atapiga hodi.*

*Utakula chakula tunachokula sisi. Ukisikia njaa kabla ya wakati, kula. Usisubiri kuambiwa.*

*Mshahara wako ni shilingi ________ kwa mwezi. Utaupata tarehe 28, kwenye namba yako ya simu. Chakula, sabuni na pedi tunanunua sisi. Hatukati kwenye mshahara wako.*

*Jumatatu hadi Ijumaa kazi inaanza saa 12 asubuhi. Saa 3 hadi saa 4 unakunywa chai na kupumzika. Saa 7 hadi saa 10 mchana unapumzika tena, bibi anakaa na mtoto. Saa 12 jioni kazi imeisha. Jumamosi kazi inaisha saa 6 mchana. Jumapili ni siku yako.*

*Simu yako ni yako. Wakati wa kazi iweke karibu, ili tukikupigia usikie.*

*Ukivunja kitu, niambie siku hiyo hiyo. Vitu huvunjika.*

*Ukiumwa, niambie. Tutakwenda hospitali.*

*Usipoelewa, uliza. Ukisahau, uliza tena.*

*Mtu yeyote akikugusa au akikuambia maneno usiyoyapenda, hata kama ni ndugu yetu, niambie mimi au mwambie bibi. Kama unaona huwezi kutuambia sisi, nenda kwa mjumbe. Nyumba yake ni ile yenye geti la bluu, kabla ya duka. Kesho nitakupeleka umjue.*

*Mama wa nyumba hii*

Utaona hakuna neno hata moja kuhusu kufagia. Mtu aliyetoka Singida au Iringa kuja kukaa kwa watu asiowajua ana maswali yake, na hatayauliza. Nitalala wapi? Nitakula na wao au nitakula makombo? Hela nitaipata kweli, au nitaambiwa inatunzwa? Akilala na maswali hayo, kesho yake unapomweleza sufuria ipi ya maziwa na ipi ya mboga, masikio yapo, akili haipo. Barua inamaliza hayo kwanza.

Ile sentensi ya kuguswa huwashtua watu. Rafiki yangu mmoja aliniambia inamfanya mgeni adhani nyumba ina watu wabaya. Sijaifuta. Asiyeambiwa mapema pa kwenda hatakwenda popote, na mwanamume wa kwanza kuelewa kwamba dada hana pa kusemea ni yule mwenye nia mbaya. Kumtaja mjumbe kuna faida nyingine pia: kwenye mtaa wetu mgeni anayekuja kukaa hutambulishwa, na dada akitambulishwa kama mkazi, kwa jina lake, majirani wanamjua kuwa ni mtu wa mtaa.

Kwa habari ya kitambulisho, ninakiona, ninapiga picha, ninamrudishia hapo hapo. Kuna wanaokifungia kabatini "asije akatoroka". Mtu mzima hashikiwi kitambulisho chake. Na kama hana cha NIDA kwa sababu hajafika miaka 18, kwangu mazungumzo yanaishia hapo, ingawa sheria ya kazi inaanza kukataza chini ya miaka 14.

Nimegusa sheria, basi niseme kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu karani wa benki. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na mfanyakazi asipoelewa yale maandishi, ni wajibu wa mwajiri kumweleza kwa namna atakayoelewa. Hapo ndipo Kiswahili chepesi kinapoacha kuwa hisani. Zile saa kwenye barua sikuzibuni. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mtu apate saa moja ya kupumzika akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, apumzike saa 12 kati ya siku na siku, na saa 24 kwa wiki. Hesabu ratiba yetu: saa 8 mara siku tano ni 40, Jumamosi 5, jumla 45. Anayeishi nyumba ya kazi, yale mapumziko ya usiku yanaweza kupunguzwa hadi saa 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi.

Najua utakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa: "Nani atapakua chakula cha usiku?" Chakula kinapikwa kabla ya saa 12 na kuwekwa kwenye hotipoti. Tunapakua wenyewe, na vyombo vya usiku tunaosha mimi na mume wangu. Kama nyumba yako haina bibi na unarudi saa mbili usiku, saa zitazidi. Ziandike basi kuwa zimezidi na uzilipe. Sheria inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida.

Mshahara nimeuacha wazi kwa sababu hiyo ni ya nyumba na nyumba. Ila kiwango cha chini kipo. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa anayelala nyumbani kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala, na viwango vya juu zaidi kwa nyumba za wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa. Amri hizi hubadilishwa, kwa hiyo tafuta iliyo kazini sasa kabla ya kujaza ile nafasi. Na ukijaza, jaza kwa tarakimu na kwa maneno.

Ile ya kuvunja kitu nayo ina kisa chake. Dada anayejua atakatwa hela ya kikombe hutafuta namna ya kukificha. Kikombe si neno. Shida ni kwamba tabia ile ile itaficha pasi iliyoanza kupiga shoti, au mtoto aliyeanguka kitandani. Sheria yenyewe hairuhusu kukata ovyo: kifungu cha 28 kinataka kosa liwe lake kweli, asikilizwe kwanza, akubali kwa maandishi, makato yasizidi hasara halisi, na kwa jumla yasipite robo ya mshahara. Ukishapita hatua zote hizo kwa ajili ya glasi ya shilingi elfu mbili, utakuwa umepoteza asubuhi nzima.

Barua hii sisomi mbele yake kama hotuba. Ninampa aishike, tunakaa mezani, ninasoma kwa sauti huku yeye anafuatisha. Wapo waliomaliza kidato cha nne na wapo waliosoma hadi darasa la pili. Ukisoma kwa sauti, huna haja ya kumuuliza kama anajua kusoma, swali ambalo wengi hulijibu "ndiyo" kwa aibu. Na usiku akiwa peke yake atairudia mwenyewe kwa mwendo wake.

Sasa orodha.

Orodha yangu inajibu swali moja: nyumba hii ina nini ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukibahatisha? Kufagia anajua. Kupika ugali anajua kuliko mimi. Asichojua ni kwamba bomba la jikoni linafungwa kwa kuzungusha kulia na la bafuni kushoto, kwa sababu fundi alifunga vibaya. Hajui kwamba mtoto mdogo akila karanga anavimba midomo. Hajui swichi ya pampu iko nyuma ya friji. Hayo ndiyo ninayoandika.

Huwa ninaomba afike Alhamisi jioni, na Ijumaa ninachukua ruhusa kazini. Siku hiyo hatufanyi usafi wowote. Karatasi ya siku ya kwanza inasomeka hivi:

- Swichi kubwa ya umeme: iko ukutani nyuma ya mlango wa sebule. Ukiona moshi au cheche, ishushe chini.
- Gesi: kufungua, kuwasha, kuzima, kufunga.
- Simu: namba ya mama, ya baba, ya jirani. Zimamoto 114. Polisi 112. Zimeandikwa ukutani.
- Vocha ya simu: mama ameweka leo.
- Mtoto mdogo: hali karanga. Dawa zake ziko juu ya kabati. Mama peke yake ndiye anayempa.
- Geti: hatumfungulii tusiyemjua. Akisema ametumwa na baba, mpigie baba kwanza.
- Dawa za usafi: ziko kabati la chini, lenye kufuli. Ufunguo uko kwenye msumari wa juu.
- Mjumbe, duka, zahanati: tumekwenda kwa miguu.

Kila mstari una nafasi ya alama mbili. Alama ya kwanza ninaweka mimi nikishamwonyesha. Ya pili anaweka yeye, akishafanya mwenyewe mbele yangu. Bila alama ya pili mstari haujaisha. Ukimuuliza "Umeelewa?" jibu ni "Ndiyo, mama", hata kama hakusikia. Usimuulize. Mwambie, "Haya, zima gesi nione," halafu kaa kimya uangalie mkono wake unakwenda wapi.

Namba ninaziandika ukutani kwa kalamu nene kwa sababu simu huisha chaji siku ambayo nyumba inaungua.

Siku zinazofuata orodha inapungua. Jumamosi ni jiko: nani anakula nini na saa ngapi, maji ya kunywa yanachemshwa kwenye sufuria ipi na yanahifadhiwa wapi. Jumatatu ni usafi, Jumanne nguo na pasi, Jumatano duka na hela. Hapo tuna daftari dogo lenye safu tatu: nimepewa, nimenunua, imebaki. Tunalihesabu pamoja kila jioni wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Daftari linamlinda yeye kuliko mimi, kwa sababu siku hela isipoonekana, hesabu ya jana ipo na sahihi zetu wote wawili.

Nirudi kwenye usafi, kwa sababu hapo ndipo maelezo mabovu yanapoumiza mtu kweli.

Mtu akiandika "Hakikisha choo kinasafishwa vizuri mara kwa mara kwa kutumia dawa zinazofaa," ameandika sentensi nzuri isiyo na kitu ndani. Mara kwa mara ni lini? Vizuri ni vipi? Dawa ipi? Dada mwenye bidii atajaza mwenyewe. Atakwenda kabatini, atakuta jiki na atakuta dawa ya choo, na kwa kuwa anataka mama arudi akute choo kinang'aa, atamimina zote mbili.

Hapo kwenye bakuli la choo kinatokea kitu kibaya. Jiki ina kemikali ya klorini. Dawa nyingi za choo, hasa zile za kuondoa madoa ya kahawia ya maji ya chumvi, zina asidi. Vikikutana vinatoa hewa ya klorini. Bafu zetu ni ndogo, dirisha ni kama la kupitisha paka, na yeye ameinama uso juu ya bakuli. Dalili huja haraka: macho yanawasha na kutoa machozi, koo linakereketa, kikohozi kinabana kifua. Siki na ndimu zikikutana na jiki zinafanya vivyo hivyo. Jiki na mkojo uliokaa, au na dawa yenye amonia, hutoa hewa nyingine yenye sumu.

Basi karatasi yangu ya choo iko hivi, imebandikwa ndani ya mlango wa lile kabati:

*Choo. Kila siku, saa 4 asubuhi.*
*1. Fungua dirisha. Acha mlango wazi.*
*2. Vaa glavu.*
*3. Mwaga maji ya choo mara moja.*
*4. Weka dawa ya choo kuzunguka bakuli, ndani, chini ya ukingo.*
*5. Subiri dakika 10. Safisha sinki kwa sabuni ya maji.*
*6. Sugua bakuli kwa brashi. Mwaga maji.*
*7. Futa kiti na kifuniko kwa kitambaa cha bluu. Kitambaa cha bluu ni cha choo tu.*

*JIKI HAIINGII CHOONI. Jiki ni ya nguo nyeupe na sakafu. Usichanganye jiki na kitu chochote. Jiki na maji tu.*

*Ukisikia harufu kali, macho yakiwasha: toka. Usirudi kumwaga. Nipigie.*

Sentensi moja, tendo moja. Kitenzi kinatangulia. Saa imetajwa. Sababu haipo kwenye karatasi, kwa kuwa sababu ninaieleza kwa mdomo tukiwa tumesimama pale pale, na ninaieleza yote. Mtu akijua kwamba ile hewa inaweza kumlaza hospitali, hahitaji kutishwa. "Usirudi kumwaga" niliiweka kwa makusudi: jambo la kwanza ambalo mtu mwema hufanya ni kurudi ndani kusafisha alichoharibu, na huko ndiko anakovuta hewa zaidi. Atoke, apate hewa safi, mlango na dirisha vibaki wazi. Kikohozi kisipotulia au kifua kikibana, ni hospitali.

Vitambaa vya rangi ni msaada mkubwa kuliko maelezo. Bluu choo, kijani jiko, cheupe vyombo. Asiyesoma vizuri naye hakosei rangi.

Na dawa za usafi zinabaki kwenye chupa zake. Mtaani kwetu hupita vijana wanaouza sabuni ya maji na dawa ya kudekia, wanapima kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa ya maji. Kwetu haiingii ndani chupa ya namna hiyo, na dada anaruhusiwa kumkatalia hata bibi akiileta. Mtoto akinywa dawa ya usafi au mafuta ya taa, maelekezo ni mafupi: usimtapishe, mpigie mama, mpeleke hospitali na ile chupa mkononi. Kumtapisha kunarudisha ile dawa kooni mara ya pili, na mafuta ya taa huweza kuingia kwenye mapafu. Jambo hili ninalirudia siku ya pili na ya saba, kwa sababu nyumba nyingi tulizokulia tulifundishwa kutapisha.

Gesi ninaifundisha kwa pua na masikio. Kwetu tuna mtungi wa kilo 15 wenye regyuleta ya kuzungusha. Ninamwambia aweke kiberiti tayari kwanza, ndipo afungue. Anayefungua kwanza na kutafuta kiberiti baadaye ndiye anayechoma nyusi. Kisha anazima na kufunga kwenye mtungi pia. Halafu namwambia anuse karibu na jiko tunapowasha, aijue ile harufu. Gesi yenyewe haina harufu. Ile imewekwa makusudi ili mtu ashtuke. Na ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni, ndiyo maana dirisha la juu halitoshi. Ukutani pameandikwa:

*Ukisikia harufu ya gesi:*
*1. Usiwashe taa. Usizime taa. Usiwashe kiberiti.*
*2. Funga mtungi.*
*3. Fungua mlango wa nje na madirisha.*
*4. Toka na mtoto na bibi.*
*5. Piga simu ukiwa nje.*

"Usizime taa" huwashangaza wengi. Swichi inatoa cheche ikiwashwa na ikizimwa pia. Kila Jumamosi tunapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na pale unapoungana na regyuleta. Mapovu yakivimba na kupasuka, kuna tundu, na siku hiyo tunapikia mkaa nje.

Umeme ukiisha nao una mistari yake, kwa sababu kuingiza LUKU ni kazi kwa asiyeizoea. Namba ni 20. Nikimtumia kwa ujumbe zinakuja zimetengwa nne nne, na namwambia asome nne, abonyeze nne, kwa sauti. Akikosea anafuta na kuanza upya, mita haiharibiki. Hilo la mwisho lazima liandikwe, la sivyo atakaa gizani na bibi kwa kuogopa kuharibu mita ya watu.

Dada tuliye naye sasa alipomaliza wiki, nilimpa kalamu nikamwambia aongeze kile ambacho karatasi haikusema. Alisita sana, kisha akaandika kwa herufi kubwa chini kabisa: PAMPU IKINGURUMA NA MAJI HAYATOKI, ZIMA. HESABU MPAKA MIA. WASHA TENA. IKIKATAA TENA ZIMA MUITE FUNDI. Siku hizo maji yalikuwa ya mgao, tangi la chini lilikuwa linakauka na pampu inazunguka kavu. Mimi nilikuwa kazini, sikuwa najua. Fundi alipokuja akasema ingeendelea hivyo ingeungua. Mstari ule nimeupiga chapa pamoja na mingine, na sasa ninaanza kuandika ukurasa wa pili, wa nguo: kuna sare ya shule ya bluu inayochuja rangi, na dada ameshaniambia isifuliwe na kitu kingine chochote.